Watu Arobaini Waliripoti, Picha Ikabaki

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani Makandana. Wanaoijua Tukuyu wanajua mwezi wa nane ulivyo kule: ukungu hauondoki mpaka saa nne, na chai inapoa kabla hujamaliza kikombe. Nilikuwa jikoni na mama, tunamenya ndizi, simu ikaita. Mama mdogo, kutoka Uyole. Hakusalimia vizuri, akaingia moja kwa moja.

"Mwanangu, umeanza kujichubua lini?"

Nikacheka, nikijua ananitania. Hakuwa ananitania. Alinitumia picha WhatsApp, na nilipoifungua nikakaa chini kwenye kigoda.

Ilikuwa sura yangu, mara mbili. Upande wa kushoto nimefanywa mweusi kupita nilivyo, na madoa wameniongezea mashavuni. Juu yake pameandikwa KABLA. Upande wa kulia ni picha yangu halisi, ile niliyopigwa na rafiki yangu wa kozi nje ya maktaba tukiwa mwaka wa pili, nikaiweka Instagram. Juu yake pameandikwa BAADA YA WIKI MBILI. Chini kulikuwa na bei ya krimu na namba ya simu. Lilikuwa tangazo la duka la vipodozi, na duka lenyewe halikuwa mbali. Lilikuwa palepale mjini kwetu.

Mimi nasoma afya ya jamii. Wiki tatu baadaye nilitakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo, na sehemu ya kazi yenyewe ni kuwaeleza watu kwamba krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini na kwa nini. Sasa fikiria nasimama mbele ya akina mama wa kliniki, na mmoja wao ana picha yangu kwenye simu yake nikiuza krimu.

Nilichofanya kwanza ndicho ambacho wengi wetu tungefanya, na kilikuwa kosa. Nilitupa linki kwenye kundi la darasa: "Wapendwa, naombeni mripoti huu ukurasa." Darasa letu lina upendo. Ndani ya saa moja watu kama arobaini walikuwa wamebonyeza "Report". Mmoja alichagua utapeli, mwingine uchi (sijui uchi aliuona wapi), mwingine matusi, mwingine aliripoti akaunti nzima badala ya posti. Tukakaa tukisubiri ishuke.

Baada ya siku mbili majibu yakaanza kuingia, na yote yalifanana: tumeangalia posti hii, haiendi kinyume na kanuni zetu. Watu wakaanza kuitukana Instagram. Mimi mwenyewe niliitukana. Ila nilipotulia nikaona kwamba tuliuliza swali ambalo jibu lake kweli ni hapana.

Ukibonyeza zile nukta tatu juu ya posti ukachagua "Report", unamwambia mwenye mtandao: angalia kitu hiki, kinavunja kanuni zako? Anayekiangalia, awe mtu au mashine, ana orodha yake: uchi, ukatili, chuki, vitisho, utapeli, kuuza bidhaa zisizoruhusiwa na kadhalika. Anaangalia picha kama ilivyo. Picha yangu kama ilivyo ni msichana amevaa blauzi ya kijani anatabasamu. Hana namna ya kujua kwamba msichana huyo hakuombwa ruhusa. Ruhusa haionekani kwenye picha. Hata tungekuwa watu elfu nne, wote tungekuwa tunamwonyesha picha ileile isiyo na kosa. Ripoti hazihesabiwi kama kura.

Ripoti ya kawaida ina faida zake. Mtu yeyote anaweza kuituma, haihitaji ueleze wewe ni nani, na aliyeposti haambiwi nani kamripoti. Picha ikiwa na uchi, damu au matusi ya wazi, itumie haraka, maana kosa linaonekana kwa macho. Lakini kwa picha ya kawaida iliyotumiwa bila idhini, unapiga hodi kwenye mlango usiohusika.

Mlango unaohusika ni ombi la faragha. Hili halijifichi sana, ila halipo kwenye zile nukta tatu ambazo vidole vyetu vimezizoea. Lina fomu yake, inayopatikana kwenye kurasa za msaada, sehemu inayoitwa "Help Center", ukitafuta maneno ya picha na "privacy". Facebook na Instagram wanayo, TikTok wanayo, YouTube wanayo. Swali lake si tena kama picha inavunja kanuni. Ni maswali matatu mengine: wewe ni nani, ni wewe uliyemo kwenye picha, na ulikubali iwekwe? Hapo wewe si mpita njia anayelalamika. Ni mwenye jambo.

Kutokana na hilo, mengine yote yanabadilika. La kwanza ni kwamba wale watu arobaini hawana kazi tena. Ombi la faragha linapokelewa kutoka kwa mwenye sura, au mtu anayemwakilisha kisheria. Facebook wanasema wazi kwamba mzazi anaweza kumwombea mtoto aliye chini ya miaka 13, lakini kuanzia miaka 13 mwenyewe ndiye anayetakiwa kuomba. YouTube nao wanataka aombe mhusika, wakiacha nafasi kwa watoto, kwa mtu asiyeweza kufikia kompyuta na kwa ndugu wa marehemu. Kwa hiyo rafiki yako akikuambia "tulia, nitakuripotia mimi," mshukuru, kisha fanya mwenyewe.

La pili ni sheria. Facebook wanasema wataondoa picha iliyoripotiwa kwa njia hii endapo sheria za faragha za nchi yako zinataka hivyo. Ndiyo maana fomu inaanza kwa kukuuliza unaishi wapi, ndani ya Marekani au nje. Wengi tunadhani ni swali la kujaza nafasi, tunagusa popote. Usiguse popote. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ambayo mtu anakutambua nayo ni taarifa binafsi kama lilivyo jina lako. Sheria hiyo inataka taarifa zako zichukuliwe kwa kusudi linalojulikana na kwa ridhaa yako, na inakupa haki ya kumzuia mtu kuzitumia kwa matangazo ya biashara. Tangazo la krimu ni biashara mia kwa mia. Kwenye maelezo yangu niliitaja sheria kwa jina na mwaka. Siamini kwamba anayesoma fomu kule anaifahamu Tanzania kuliko mimi, kwa hiyo nilimrahisishia kazi.

Sasa jinsi nilivyojaza, maana hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza.

Kabla ya kujaza chochote, nilihifadhi ushahidi. Nilipiga skrinishoti ya posti nzima ikionyesha jina la ukurasa, tarehe, maneno ya tangazo, na komenti ambazo mwenye ukurasa alikuwa akiwajibu wateja kwa kusema "huyu dada ni mteja wetu." Komenti hiyo ilikuwa na thamani kuliko picha yenyewe, kwa sababu ni uongo ulioandikwa kwa mkono wake. Ukiripoti kwanza na posti ikaondolewa, ushahidi unaondoka nayo, na ukija kuuhitaji mbele ya mtu mwingine huna kitu mkononi. Pia sikumbloku. Ukimbloku, posti zake hazionekani kwako tena, utaanza kuazima simu za watu.

Kisha linki. Mara ya kwanza nilibandika linki ya akaunti ya duka, nikaeleza kwa uchungu aya tatu nzima, nikatuma. Jibu likaja kwamba hawakuona maudhui ninayoyalalamikia. Nilidhani wananikwepa. Kumbe kosa langu: fomu ya faragha inashughulika na picha moja moja, haishughuliki na ukurasa mzima. Tofauti unaiona kwenye anwani yenyewe:

```
https://www.instagram.com/JINA-LA-UKURASA/
https://www.instagram.com/p/HERUFI-ZA-POSTI/
```

Ya kwanza ni ukurasa, yaani umempeleka mtu sokoni ukamwambia atafute. Ya pili ni posti yenyewe, na ndiyo inayotakiwa. Unaipata kwa kufungua posti, kubonyeza alama ya kushiriki, kisha "Copy link". Video fupi za Instagram huwa na neno "reel" pale penye herufi p. Nilipochunguza ukurasa ule polepole nikakuta sura yangu ipo sehemu tatu: tangazo la kwanza, tangazo lilelile limerudiwa na bei mpya, na video moja inayopitisha wateja kadhaa, mimi nikiwa wa nne kwa kama sekunde mbili. Linki tatu. Ukiombea moja, inaondolewa moja. Hakuna atakayekusaidia kutafuta nyingine.

Halafu maelezo. Aya zangu tatu za uchungu nilizifuta. Anayesoma hahitaji kujua kwamba mama mdogo alinifokea. Anahitaji kunipata kwenye picha na kuelewa kilichofanyika. Niliandika hivi, ninaiweka kama ilivyokuwa:

"Mimi ni mtu anayeonekana pande zote mbili za picha hii, mwenye blauzi ya kijani. Upande wa kushoto picha imebadilishwa ili nionekane mweusi zaidi na mwenye madoa. Sijawahi kutumia bidhaa hii wala sijamruhusu mtu yeyote kutumia picha yangu kwenye tangazo. Naishi Tanzania. Matumizi haya ya picha yangu kibiashara bila ridhaa yanakiuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Naomba iondolewe."

Kwa ile video niliongeza sekunde ninayoonekana na nguo niliyovaa. Kama uko kwenye picha ya watu wengi, eleza umesimama wapi: safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, mwenye kofia. Ukiacha, anayekagua atabahatisha, na akishindwa kukutambua ombi linaishia hapo. YouTube wameliweka hili wazi: ni lazima uwe unatambulika kwa sura, sauti, jina kamili au kitu kingine kinachokuelekea wewe peke yako. Kisogo chako kwenye umati wa mahafali hakitoshi.

YouTube wana utaratibu mwingine ambao mtu akiujua hatahangaika. Wanakushauri kwanza umwombe aliyepandisha video aiondoe. Wakiona lalamiko lako lina msingi, wanampa saa 48 za kuiondoa au kuficha sura yako, na asipofanya hivyo ndipo wanapoingia wenyewe. Kwa hiyo ukiona siku moja imepita na video bado ipo, haina maana umekataliwa. Wanapima pia kama jambo lina manufaa kwa umma. Ukipigwa picha ukiwa jukwaani unagombea urais wa serikali ya wanafunzi, usitegemee kuiondoa kwa sababu tu ulifumba macho.

Wakati nasubiri, rafiki yangu mmoja wa sheria (wapo kila darasa, hata kama hawasomi sheria) akaniambia nimechagua njia ndefu. "Piga hakimiliki. Hakimiliki wanashusha fasta." Ni kweli kwamba njia ya hakimiliki mara nyingi ina nguvu, na ni njia ya tatu, tofauti na hizi mbili. Lakini ina mtego ambao wengi hatuujui: hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, si ya aliyepigwa. Picha yangu ilipigwa na rafiki wa kozi kwa simu yake. Mwenye haki hiyo ni yeye. Mimi nikijaza kwamba kazi ni yangu, ninasema uongo kwenye tamko la kisheria, na mwenye duka akipinga sina cha kuonyesha. Ingekuwa ni selfi niliyojipiga mwenyewe, basi milango yote miwili ingekuwa wazi kwangu, wa sura na wa kazi.

Rafiki yangu alikuwa tayari kujaza. Nilimzuia kwa sababu moja: kwenye madai ya hakimiliki, jina na mawasiliano ya anayedai kwa kawaida hupelekwa kwa anayedaiwa. Yeye hakuwa na ugomvi na mtu, na sikuona haja ya kumtengenezea. Tukakubaliana kwamba ya faragha ikigoma, ndipo ajaze.

Hapo katikati nilienda dukani. Najua wengi mngeanza na hili, na kwa mji mdogo kama wetu pengine ndivyo ilivyotakiwa. Mwenye duka ni mama wa makamo, anayemfahamu mama yangu. Nilimwamkia, akanikaribisha, nikamwonyesha simu. Aliangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha tena.

"Kumbe ni wewe! Mimi nilijua ni picha ya mtandaoni tu, mwanangu."

"Mama, ni ya mtandaoni ndiyo. Ila ni yangu."

"Sasa si uliiweka mwenyewe? Ukishaweka imekuwa ya watu wote."

Sikubishana naye sana. Nilimwambia kwamba hata yeye ameanika kanga zake nje na watu wote wanaziona, lakini nikipita nikachukua moja nikajitanda atanipigia kelele za mwizi. Akacheka. Akasema atawaambia waifute. Hapo ndipo likatoka jambo ambalo sikulitegemea: yeye hana neno la siri la ukurasa wake. Kuna kijana yuko Mbeya anayelipwa kutengeneza matangazo, ndiye anayeposti, na simu yake siku hizo haikuwa inapatikana. Mama yule hata angetaka kufuta kwa moyo wote asingeweza. Kurasa nyingi za maduka yetu ndivyo zilivyo. Kwa hiyo kuzungumza na mwenye duka ni adabu na mara nyingi kunasaidia, lakini fomu itume hivyohivyo.

Nilichopata kwake ni maandishi. Nilimtumia ujumbe WhatsApp palepale tukiwa tumekaa: kwamba leo tarehe fulani nimekujulisha kuwa picha hii ni yangu, sikutoa ridhaa, naomba iondolewe kwenye kurasa zako zote na isitumike tena. Akajibu "sawa mwanangu nimekuelewa." Jibu hilo nimelitunza. Kama jambo lingefika mbele, asingeweza kusema hakuambiwa.

Mbele ni wapi? Ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa na sheria hiyo ya 2022 na kuzinduliwa rasmi Aprili 2024. Mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kupeleka malalamiko huko. Tume inachunguza, inaweza kumwamuru mhusika arekebishe, na ina uwezo wa kumtoza faini inayofikia shilingi milioni 100. Hii haifanyi kazi sawa na fomu ya Instagram. Instagram inashughulika na picha iliyopo kwao. Ikishaondolewa, kwao yameisha. Tume inashughulika na mtu aliyeichukua na kuitumia, na inaweza kumgusa hata kama picha ilichapwa kwenye bango la barabarani ambako hakuna kitufe cha kuripoti. Ila iangalie kwa macho ya kawaida: imelenga zaidi wanaokusanya na kutumia taarifa za watu kwenye shughuli zao, kama maduka, kampuni, shule na taasisi. Ugomvi wako na mwenzako wa chumba aliyekuposti umelala mdomo wazi hautakwenda huko kirahisi.

Majirani zetu Kenya wametangulia kidogo, na kesi zao zinaonyesha jambo hili likifika mwisho linakuwaje. Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni ya simu ya Oppo shilingi milioni 5 za Kenya. Chanzo kilikuwa picha ya mtu mmoja iliyowekwa kwenye akaunti yake ya Instagram bila idhini. Kilichoivuta mpaka kwenye faini ni kwamba ilipewa agizo la kurekebisha na haikulitekeleza. Septemba 2023 ikafuata klabu ya Casa Vera ya Nairobi, iliyoposti picha ya mteja aliyekuja kustarehe: shilingi 1,850,000. Na katika tangazo hilohilo shule ya Roma ilitozwa 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Naipenda ile ya klabu, maana utetezi wa kwanza wa kila mtu ni "ulikuja mwenyewe hadharani." Kuja hadharani si kukubali kuwa tangazo la mtu.

Turudi kwangu. Posti mbili za kwanza ziliondoka baada ya siku tano. Sikupata barua ndefu, ni ujumbe mfupi tu kwamba zimeondolewa. Video ilichukua muda zaidi na ilibidi nijaze upya nikieleza sekunde vizuri, kisha nayo ikaondoka.

WhatsApp ndiyo ilinishinda kwa sehemu. Picha ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la mtaa, na kundi la mtaa huwa halina huruma. Huko hakuna fomu ya faragha ya aina hii itakayofuta kitu kwenye simu za watu. Ukiripoti kundi au mtu, WhatsApp wanapokea ujumbe wa mwisho hadi mitano kutoka kwake, wanaweza kumfungia akikutwa na kosa, lakini picha iliyokwisha kupakuliwa kwenye simu ya mjumbe inabaki kwenye simu ya mjumbe. Mtu pekee mwenye nguvu hapo ni admini wa kundi, ambaye anaweza kufuta ujumbe wa mjumbe yeyote kwa wote. Admini wetu ni mwalimu mstaafu. Nilimpigia, nikamweleza, akafuta, na akaandika chini yake sentensi moja: "Huyu binti si mteja wa duka hilo, tuache." Sentensi hiyo ilinisaidia kuliko fomu zote, nakiri.

Nimezungumzia picha ya kawaida makusudi. Kama ni picha ya faragha ya mwilini, usifuate mwendo wangu wa polepole. Huko ripoti ya kawaida inafanya kazi mara moja, kwa sababu kosa linaonekana, na mitandao karibu yote imeiwekea kipengele chake. Ukiwa na miaka 18 au zaidi upo pia mpango wa StopNCII: tovuti inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako mwenyewe, picha yenyewe haitoki, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mitandao iliyojiunga ili picha ikipandishwa itambuliwe. Kwa aliye chini ya miaka 18 upo mpango wa namna hiyohiyo unaoitwa Take It Down. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika. Na tafadhali, usiitume kwenye kundi la darasa ukisema "jamani oneni walichomfanyia." Hapo unakuwa umeisambaza tena.

Jambo la mwisho lilitokea nikiwa nimesharudi chuo. Niliingia kwenye ukurasa wa lile duka kuhakikisha. Sura yangu haikuwepo. KABLA na BAADA zilikuwepo bado, bei ileile, ila sasa kulikuwa na msichana mwingine mwenye rasta, mbele ya geti ambalo si la Tukuyu. Kidole changu kilienda chenyewe kwenye zile nukta tatu, kikasimama. Si sura yangu, siwezi kumjazia. Nilitumia jioni nzima kutafuta ile picha mpaka nikampata, anasoma chuo kingine, mkoa mwingine. Nilimtumia linki ya posti, si ya ukurasa, na nikamwambia apige skrinishoti kwanza. Akajibu usiku ule: "Dada, wewe ni nani, na kwa nini niko hapa?"